"Ndiyo" ya Swali Lipi?

Tumchukue, kwa mfano, mama anayeuza mchele Kariakoo na kijana anayemtumia mzigo kutoka Kyela. Saa tatu asubuhi mama anatuma meseji tatu kwa kufuatana: "Mchele bado upo?", kisha "Nitume advansi leo?", kisha "Fuso la kesho limeshajaa?" Kijana yuko shambani, kusikoshika mtandao. Saa kumi na mbili jioni anafika barabarani, simu inalia mara tatu, naye anajibu haraka: "Ndiyo dada."

Mama anaitazama simu yake. Swali la mwisho alilouliza linahusu Fuso, kwa hiyo anaelewa kwamba Fuso limejaa. Analala na wazo hilo, na asubuhi ananunua gunia kumi kwa mtu mwingine. Kijana naye alikuwa akisema kwamba mchele upo. Anapakia gunia kumi, na mzigo unafika Dar es Salaam hauna mnunuzi. Hakuna aliyedanganya. Jibu lilikuwa la kweli, ila lilifika bila swali lake.

Ili kuona hitilafu ilipotokea, inafaa kujua meseji ya kawaida ya simu inavyosafiri. Haiendi moja kwa moja kutoka mkononi mwako hadi mkononi mwa mwenzako. Inakwenda kwanza kwenye kituo cha kampuni ya simu kinachopokea meseji, kuzihifadhi na kuzipeleka. Simu ya mpokeaji ikiwa imezimwa au haina mtandao, meseji hukaa hapo na kituo hujaribu tena baadaye. Muda wa kuihifadhi ukiisha kabla haijafika, hufutwa.

Kila meseji hushughulikiwa peke yake. Ikiwa ya kwanza imekwama na ya tatu imepita, ya kwanza inaweza kuingia mwisho. Hivyo ndivyo kijana wa Kyela anavyoweza kuona "Mchele bado upo?" chini kabisa kwenye kioo chake na kudhani ndilo swali la mwisho, ilhali kwa mama ndilo lililotangulia. Wote wawili wanatazama mazungumzo yaleyale, lakini mpangilio wa simu hii si mpangilio wa simu ile.

Jambo la pili ni kwamba meseji hizi hazibebi alama yoyote inayosema, "Hili ni jibu la ujumbe fulani." Zinabeba namba ya mtumaji, saa na maneno, yasiyozidi herufi 160 kwa meseji moja ya kawaida. Mnyororo wa mazungumzo tunaouona kwenye simu hupangwa na simu yenyewe kwa kufuata namba na saa. Unapoliona jibu chini ya swali, mtandao haujakuambia kwamba ni la swali hilo. Umeona tu kwamba limefika baada yake.

Barua pepe ilipewa dawa ya tatizo hili zamani. Kila barua ina namba yake ya utambulisho katika mstari uitwao `Message-ID`, na jibu hubeba mstari wa `In-Reply-To` unaotaja namba ya barua inayojibiwa. Huko WhatsApp, unaivuta meseji upande wa kulia, nayo inanukuliwa juu ya jibu lako. Katika kundi la familia linalopanga harusi, ambako watu kumi wanauliza kwa wakati mmoja, kunukuu ndiko kunakotofautisha "ndiyo" ya ukumbi na "ndiyo" ya mchango.

Hata hivyo, kunukuu kuna mpaka wake. Meseji moja ikiwa na maswali mawili, "Umefika salama, na ile hela umempa baba?", ukiinukuu na kujibu "ndiyo", muulizaji bado hajui kama baba amepata hela. Na swali likiulizwa kwa kukanusha, utata unabaki hata kama liko mbele ya macho ya wote. Ukiulizwa, "Fuso halijajaa?", wengi wetu tukijibu "ndiyo" tunakubaliana na muulizaji kwamba halijajaa. Lakini wapo waliozoea kujibu kwa mtindo wa Kiingereza, na kwao "ndiyo" hapo ni kusema limejaa. Kwenye simu husikii sauti wala huoni kichwa kikitikiswa, kwa hiyo huwezi kujua unayezungumza naye anafuata desturi ipi.

Wenzetu wa usafiri wa anga walijifunza hatari hii kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, ukungu ukiwa mzito. Rubani msaidizi wa KLM alisema kwa redio maneno ambayo yangeweza kueleweka kwamba wanaanza kuruka, au kwamba wapo tayari wakisubiri. Mwongozaji alijibu "sawa", kisha akaendelea kuwaambia wasubiri. Sekunde hiyohiyo Pan Am nao walizungumza, mawimbi yakagongana, na kilichosikika vizuri ndani ya KLM kilikuwa ile "sawa" peke yake. Watu 583 walikufa.

Leo, kwa kanuni za kimataifa, neno la redio lenye maana ya "nimepokea" haliruhusiwi kutumika kujibu swali linalotaka kukubali au kukataa. Na rubani akipewa ruhusa ya kuruka, hujibu kwa kuirudia ruhusa yenyewe, akitaja njia aliyopewa na jina la ndege yake. Mwongozaji husikiliza, na kama kuna kosa hulirekebisha hapohapo. Jibu linakuja na swali lake ndani.

Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa urahisi zaidi, maana kitenzi cha Kiswahili kinabeba mtenda na wakati ndani ya neno moja. Kijana wa Kyela angeandika "Mchele upo, Fuso halijajaa, tuma advansi", na hasara ile isingetokea. Maneno sita tu, na kila swali limepata jibu lake. Hata meseji hizo zingechelewa au kupangika kinyume, maana yake isingebadilika.

Anayeuliza naye ana wajibu wake. Aulize jambo moja kwa meseji moja, na asubiri jibu kabla ya kutuma lingine. Kama hawezi kusubiri, ayape maswali namba ili ajibiwe kwa namba. Asiulize kwa kukanusha. Na akipata "ndiyo" inayoelea, atazame kwanza maelezo ya meseji, kwa kuwa simu nyingi huonyesha saa ilipotumwa na ilipopokelewa. Saa hizo zikiachana sana, au jibu likija baada ya maswali kadhaa, lisiaminiwe hadi lithibitishwe.

Njia ya kuthibitisha ni kuandika ulichoelewa: "Kwa hiyo Fuso limejaa, ninunue kwingine?" Kama ni pesa, dawa au safari, piga simu kabisa. Na wewe unayejibu, usimwachie mwenzako kazi ya kukisia: andika "ndiyo", kisha andika ndiyo ya nini.