Jedwali la Doll na Hill

Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza. Katika jedwali lao, ambalo wanafunzi hulikokotoa hadi leo, saratani ya mapafu iliua kila mwaka wavutaji sigara 130 katika kila 100,000, na wasiovuta 7.

Hayo ni matukio mapya. Kiwango cha kuenea huhesabu wagonjwa wote waliopo kwa wakati mmoja. Ugonjwa unaoua upesi kama huu huonekana adimu kwa hesabu hiyo.

Gawanya 130 kwa 7: uwiano wa hatari ni karibu 19. Kwa moyo na mishipa ni 951 kwa 732, yaani 1.3 tu. Lakini ukitoa badala ya kugawanya, moyo unaongeza vifo 219, saratani 123.