Vituo 41 Kati ya 58

Tuchukue halmashauri moja ya mfano, yenye zahanati, vituo vya afya na hospitali 58 kwa jumla. Ni Jumatano, tarehe 9 Aprili 2025, kikao kimeanza na projekta imeshawashwa. Ukutani kuna dashibodi ya DHIS2, mfumo ambao Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi hukusanyia takwimu za afya. Mstari wa chanjo ya Penta ya tatu umekwenda miezi kumi na moja ukichezacheza kwenye watoto 1,240. Ukifika Machi unaporomoka hadi 870.

Diwani anauliza kama dawa ziliisha. Mwingine anasema mvua, barabara hazipitiki. Mtu wa tatu ana hakika kwamba akina mama wamesikia uvumi. Mratibu wa MTUHA amekaa nyuma karibu na mlango, na ndiye pekee anayejua kwamba ripoti za Machi zilizoonekana kwenye mfumo ni 41 tu kati ya 58. Chukua kalamu ugawe: 870 kwa vituo 41 ni watoto 21 na ushee kwa kituo. Kisha 1,240 kwa vituo 58, nayo ni 21 na ushee. Huenda hakuna kilichoporomoka. Lakini kwenye dashibodi hakuna maandishi yanayosema hivyo, na mratibu hajaulizwa.

Ili kuelewa kwa nini mkia wa mstari huanguka namna hii karibu kila mwanzo wa mwezi, ifuate tarakimu moja tangu ilipozaliwa. Mtoto wa wiki 14 anachanjwa. Muuguzi anaandika kwenye Kitabu namba 7 cha MTUHA na kupiga kijistari kwenye karatasi ya kuhesabia. Mwezi ukiisha, vijistari vinajumlishwa na kuandikwa kwenye fomu ya ripoti. Kituo chenye kompyuta na mtandao huiingiza chenyewe. Kisicho navyo huipeleka fomu wilayani, mara nyingine ndani ya bahasha iliyokabidhiwa dereva, na huko mtu mwingine huiingiza kwa mkono. Kwa hiyo katika wiki mbili za kwanza za Aprili, tarakimu ya Machi bado inakua.

Chati haijui hilo. Ukiichagulia kipindi cha `Last 12 months`, mfumo huingiza mwezi uliopita kwenye mstari mara tu tarehe 1 inapofika, hata kama hakuna ripoti hata moja. Nukta ya mwezi uliokamilika na nukta ya mwezi ambao fomu zake bado ziko njiani huchorwa kwa rangi ileile na unene uleule. Mtazamaji hana namna ya kuzitofautisha isipokuwa aambiwe, na pa kumwambia ni hapohapo, chini ya chati. Mwongozo wa kurasa tisini uliomo kwenye kabati la ofisi haufiki kwenye projekta.

DHIS2 yenyewe ina kifaa cha kazi hii. Ukiwa unahariri dashibodi unaweza kuongeza `Text box`, yaani kisanduku cha maandishi, ukakiweka kando ya chati. Pia unaweza kuweka kiashiria cha `Reporting rate`, ambacho ni asilimia ya ripoti zilizowasilishwa kati ya zilizotarajiwa. Ningeanza na hicho. Chati ya Penta ikikaa na namba kubwa pembeni inayosema asilimia 71 ya vituo vimeripoti, swali la kwanza la diwani linabadilika. Haulizi tena dawa zimekwenda wapi. Anauliza vituo 17 viko wapi.

Tahadhari moja hapa. Ule ugawaji wa 21 kwa 21 ni hesabu ya haraka tu, kwa sababu hospitali ya wilaya haiwezi kulinganishwa na zahanati ya kijijini. Hesabu iliyo bora ni kuchukua vituo vilevile 41 na kuvilinganisha na namba zao wenyewe za Februari. Ikiwa navyo vimeshuka, basi kuna jambo, hata ripoti zikiwa hazijakamilika. Na ikiwa kati ya zilizokosekana imo ile ya hospitali, maelezo ya chini ya chati yaitaje waziwazi, maana kukosekana kwake pekee kunaweza kuangusha mstari mzima.

Sasa kuna jambo la pili, ambalo huwasumbua hata wenye mfumo wao. Tuseme Jumanne tarehe 8 karani aliingiza ripoti nane za ziada. Alizihifadhi, akafungua dashibodi, akakuta 41. Akapakia ukurasa upya, 41. Akaanza kuziingiza tena akidhani zimepotea. Hazikupotea. Dashibodi ya DHIS2 haisomi moja kwa moja kule ripoti zinakoingizwa. Inasoma majedwali maalumu yaliyokokotolewa mapema ili chati zifunguke haraka, na majedwali hayo kwa kawaida hukokotolewa upya usiku, watumiaji wanapokuwa wamelala. Kupakia ukurasa upya ni kusoma tena jedwali lilelile la jana. Ni kama mpishi aliyeonja chumvi kwenye bakuli alilopakua asubuhi huku ameshaongeza chumvi chunguni.

Lakini ripoti ziliingizwa Jumanne na kikao ni Jumatano. Usiku umeshapita katikati. Mbona bado 41? Hapa ndipo inabidi kuuliza mashine yenyewe. Mwenye ruhusa akifungua anwani ya mfumo na kuongeza `/api/system/info`, atapata maelezo marefu, na kati yake kuna mstari kama huu:

```
"lastAnalyticsTableSuccess": "2025-04-05T02:14:37.000"
```

Maana yake ni kwamba mara ya mwisho majedwali kukokotolewa salama ilikuwa usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 5. Tangu hapo kazi ya usiku imekwama, labda diski ya seva imejaa, labda umeme ulikatika ikiwa katikati. Chati haikuonyesha onyo lolote. Ilifunguka vizuri, kwa rangi zake zote, ikiwa na takwimu za siku nne nyuma. Na ile 41 nayo imetoka kwenye majedwali hayohayo, kwa hiyo imechacha pamoja na wenzake. Ripoti zilizomo kwenye mfumo ni 49.

Ndiyo maana ninatofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kwenye mstari mmoja. Namna ya kuhuisha hubadilika mara chache, kwa hiyo mtu anaweza kuiandika kwa mkono: ripoti huingizwa na vituo kila mwezi, mfumo hukokotoa kila usiku saa 8. Lakini wakati zilipohuishwa kweli usiandikwe kwa mkono kamwe. Utolewe na mashine. Kisanduku kinachosema "huhuishwa kila siku" kitaendelea kusema hivyo hata seva ikiwa imezimika mwezi mzima. (Na kwenye hiyo saa, andika ya Kiswahili. Nimeona 02:00 ikigeuzwa kuwa "saa 2 usiku", kosa la saa sita kamili. Kama seva imewekwa kwenye majira ya nchi nyingine, ndiyo kabisa.)

Kosa hilohilo hupatikana kwa wanaotengeneza dashibodi zao kwenye Ekseli, na huko ni rahisi zaidi kulifanya. Mtu anaandika "Imehuishwa tarehe" halafu anaweka fomula hii:

```
=NOW()
```

Fomula hiyo hujikokotoa kila faili linapofunguliwa. Ukilifungua leo itasema leo, ukilifungua mwakani itasema mwakani, hata kama hakuna aliyegusa takwimu. Ni saa ya ukutani, haihusiani na kilichomo. Kama tarehe za kuingiza taarifa ziko safu ya A kwenye karatasi iitwayo Data, weka hii badala yake:

```
=MAX(Data!A:A)
```

Hii huchukua tarehe ya karibuni zaidi iliyomo ndani ya takwimu zenyewe. Zikikaa wiki tatu bila kuongezwa kitu, tarehe itabaki ya wiki tatu zilizopita, na msomaji ataiona. Ina udhaifu wake: karani akikosea akaandika mwaka 2052, fomula itaing'ang'ania. Angalau hilo ni kosa linaloonekana.

Tarehe mpya nayo si ushahidi kwamba takwimu zimekamilika. Mwaka 2020 dashibodi ya korona ya Uingereza ilikuwa ikihuishwa kila siku, na bado wagonjwa 15,841 hawakuonekana kwa siku kadhaa za mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba. Matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye mafaili ya Ekseli ya muundo wa zamani, ambao mwisho wake ni safu mlalo 65,536. Yaliyozidi yalikatwa kimyakimya. Kosa lilipogunduliwa, wagonjwa hao waliongezwa, na Jumapili tarehe 4 Oktoba zikatangazwa 22,961 kwa mpigo. Asiyejua angedhani ugonjwa umelipuka usiku mmoja. Waendeshaji walifanya jambo la busara: waliandika palepale kwenye dashibodi kwamba hesabu za siku hizo zina wagonjwa wa nyuma waliochelewa kuwekwa, na wakataja tarehe zao. Maelezo ya chanzo hayakumaliza aibu, ila yalimzuia msomaji asisome mlima ambao haukuwapo.

Kwa chati za asilimia kuna kitu kimoja zaidi cha kutaja, nacho ni kigawanyo. Chanjo kufikia asilimia 108 ya watoto haimaanishi kwamba kuna waliochanjwa mara mbili. Mara nyingi idadi ya walengwa imekadiriwa chini, au kina mama wa wilaya jirani wanavuka kuja kwenye kituo kilicho karibu nao. Makadirio ya Tanzania yaliyotokana na sensa ya 2012, iliyohesabu watu milioni 44.9, hayawezi kulingana na yanayotokana na sensa ya 2022, iliyohesabu milioni 61.7. Siku kigawanyo kinapobadilishwa, mstari hupanda au hushuka bila muuguzi yeyote kubadili kitu. Taja sensa iliyotumika, na mwezi uliobadilisha.

Maelezo yote haya yasizidi mistari minne, na yakae chini ya chati yenyewe, kwa herufi zinazosomeka kutoka kiti cha nyuma. Kwa halmashauri yetu ningeandika hivi:

"Chanzo: ripoti za mwezi za MTUHA kutoka vituo 58, chanjo za kampeni hazimo. Vituo huingiza ripoti kwa mkono, mfumo hukokotoa kila usiku saa 8. Tarehe ya mwisho kukokotoa iko juu kulia. Mwezi wa mwisho haujakamilika hadi vituo vyote viripoti. Maswali: Mratibu wa MTUHA, ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya."

Diski ikasafishwa, kazi ya usiku ikapita, na Alhamisi asubuhi dashibodi ikaonyesha ripoti 49 na watoto 1,047. Tisa bado. Sasa mratibu ana orodha fupi ya simu za kupiga, na ya kwanza ni ya dereva.