Ng'ombe Mmoja, Ekari Moja, Kijiji Kizima

Mhitimu wa kilimo asiye na ardhi wala mtaji bado ana kazi nyingi mbele yake. Vijana wengi wanaotoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, huzipa kazi hizo jina moja la "utaalamu wa kilimo", kisha hujikuta wakiomba nafasi ambayo shahada yao haiwaruhusu kuishika. Tuitazame familia moja ya mfano huko Rungwe, yenye ng'ombe wa maziwa na ekari moja ya mahindi, tuone nani huitwa kwa lipi.

Ng'ombe amekataa kula, ana homa kali, na tezi chini ya sikio zimevimba. Daktari wa mifugo atashuku ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Hatachoma sindano papo hapo. Atavuta majimaji kidogo kutoka kwenye tezi iliyovimba, ayapake kwenye kioo, ayatie rangi na kutafuta vimelea kwa hadubini. Akijiridhisha, atatumia buparvakwoni, mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito. Ng'ombe wa kilo 300 atapata mililita 15 ndani ya msuli wa shingo. Kosa la kawaida kijijini ni kuchoma oksitetrasaiklini, dawa inayofaa ndigana baridi. Homa hushuka kidogo na mwenye ng'ombe hutulia, huku vimelea vya ndigana kali vikiendelea. Mapafu yakishajaa maji na mnyama akaanza kutoa povu puani, hata dawa sahihi mara nyingi hushindwa.

Kwa sababu kosa moja laweza kuua mnyama, taaluma hii inalindwa na sheria. Shahada ya udaktari wa mifugo huchukua miaka 5, na baada yake ni lazima usajiliwe na Baraza la Veterinari Tanzania. Shahada ya sayansi ya wanyama haikufanyi daktari. Itakufikisha kwenye lishe, uzalishaji na viwanda vya chakula cha mifugo, lakini si kwenye kufungua kliniki.

Tugeuke shambani. Majani ya chini ya mahindi yana umanjano ulioanzia nchani na kuingia katikati kwa umbo la herufi V. Mtaalamu wa agronomia ataona njaa ya naitrojeni. Umanjano ungekuwa pembeni mwa jani angeshuku potasiamu, na majani yangekuwa ya zambarau angeshuku fosforasi. Hata hivyo, kabla ya msimu ujao atataka udongo upimwe. Atachimba sehemu kama 15 kwa mwendo wa kukata kona, kina cha sentimita 20, akikwepa vichuguu na mahali palipolazwa samadi. Atauchanganya udongo kwenye ndoo ya plastiki na kupeleka nusu kilo maabara, kwa mfano TARI Mlingano, Tanga. Majibu yakisema shamba linahitaji kilo 60 za naitrojeni kwa hekta, atapiga hesabu: ekari ni hekta 0.4, kwa hiyo kilo 24. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Jibu ni mfuko mmoja kwa ekari, uwekwe kwa awamu mbili.

Hesabu hiyo ndiyo inayolipwa na mashamba makubwa ya miwa na chai, kampuni za mbegu na za mbolea. Ugumu wake ni kwamba kampuni nyingi humpa mtaalamu lengo la mauzo, na siku moja udongo utasema chokaa wakati bosi anasema mbolea.

Afisa ugani anabeba kijiji kizima. Ajira yake kubwa iko halmashauri, na nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mashirika na vyama vya ushirika pia huajiri. Hawezi kupita kila nyumba, kwa hiyo hutumia shamba darasa: vipande viwili vya mita 10 kwa 10, mbegu ileile, siku ileile ya kupanda, kimoja kikipewa yurea yote mara moja, kingine kwa awamu mbili. Wakulima wenyewe hupima mavuno. Kazi huharibika afisa anapobadilisha mambo matatu kwa pamoja, mbegu, nafasi na mbolea, kwani hapo hakuna mkulima atakayejua kipi kimeleta tofauti.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu ya chuo, jiulize unataka kubeba uamuzi wa aina gani. Ukitaka kutibu mnyama, hakuna njia ya mkato nje ya ile miaka 5 na usajili. Ukipenda vipimo na hesabu, somea agronomia na uzoee maabara mapema. Na kama unavumilia kurudia somo moja mbele ya wasioamini mpaka wapime wenyewe, ugani unakufaa.