Homa kwa mgonjwa wa kemotherapi

Dawa za kemotherapi huua chembe zinazojigawa haraka. Saratani hujigawa haraka, lakini vivyo hivyo chembe nyeupe za damu zinazotengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, na ngozi laini ya kinywa na utumbo. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe hushuka hadi chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, kisha hupanda tena. Katika siku hizo bakteria waliokuwa wakiishi mwilini bila kuleta shida wanaweza kuingia kwenye damu na kuua mtu kwa saa chache.

Hatari hiyo hufichika. Usaha hutokana na chembe nyeupe, kwa hiyo zikipungua, kidonda hakitoi usaha, na hata nimonia inaweza kuwa na kikohozi kidogo tu. Mara nyingi homa ndiyo dalili pekee. Ndiyo maana kila mgonjwa anapaswa kuwa na kipimajoto nyumbani, na kikisoma nyuzi 38 au zaidi, wodi ipigiwe simu saa ileile. Kipimajoto hutumika kwapani au mdomoni, kamwe si kwenye njia ya haja kubwa, kwa sababu mkwaruzo mdogo pale hufungulia bakteria mlango. Dawa za kuingiza huko nazo hukatazwa.

Mfano ni mama anayetibiwa saratani ya matiti, aliyepata dripu Jumatatu. Alhamisi ya wiki inayofuata, siku ya 10, anaamka saa 8 usiku akitetemeka, na kipimajoto kinasoma 38.4. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki neno la kwanza litakuwa malaria: atapewa panadoli, na dawa ya mseto kama ipo kabatini. Saa moja baadaye joto limeshuka, jamaa wanapumua, mgonjwa analala. Panadoli imeshusha joto tu. Bakteria wanaendelea kuzaliana, na asubuhi anaweza kukutwa mikono ya baridi, presha imeshuka na maneno hayaeleweki.

Njia sahihi ni kupiga simu kabla ya kumeza chochote, kisha kwenda hospitali usiku huohuo. Anayeishi mbali na kituo cha saratani, mathalani aliyetibiwa Ocean Road naye yuko kijijini Lindi, aende hospitali kubwa iliyo karibu akiwa na kadi yenye jina la dawa na tarehe ya dozi. Sentensi ya kwanza pale mapokezi iwe: “Niko kwenye kemotherapi na nina homa.” Mgonjwa huyu hakai foleni. Lengo ni aanze antibayotiki ya mshipa ndani ya dakika 60, damu ikiwa imeshachukuliwa lakini majibu hayajatoka. Malaria hupimwa pia, ila hata ikionekana haiondoi uwezekano wa bakteria.

Kinywa ni mojawapo ya milango ya bakteria hao. Vidonda huanza takriban siku ya 5 hadi ya 10. Mswaki laini hutumika asubuhi na jioni, na kinywa husukutuliwa baada ya kila mlo kwa maji safi ya uvuguvugu: kikombe kimoja, robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea, na nusu ya kiasi hicho cha chumvi. Magadi ya kuivishia maharage si soda hiyo, yasitumike. Dawa za kusukutua zenye alkoholi huunguza vidonda. Utando mweupe ulimini au kwenye mashavu ni fangasi na una dawa yake, hivyo uonyeshwe kwa daktari.

Kinga ya nyumbani haihitaji kumfungia mgonjwa chumbani. Kunawa mikono kwa sabuni, kwake na kwa kila anayemhudumia, kunashinda mengine yote. Maji yachemshwe, nyama na mayai yaive kabisa, na maziwa mabichi yaachwe, pamoja na mtindi uliotengenezwa nayo. Kachumbari ya mtaani ingoje. Banda la kuku lifagiliwe na mtu mwingine, na mwenye mafua asije kumpa pole wiki hiyo.

Wodi hupigiwa simu pia bila homa, endapo mgonjwa anatetemeka, anapumua kwa shida, anaharisha mfululizo, anashindwa kunywa maji kwa vidonda vya mdomo, anatoka damu isiyokatika, au sehemu ya dripu imevimba na kuuma. Wazee na wanaotumia dawa kama prednisoloni wanaweza kuwa na maambukizi makali joto likiwa la kawaida. Namba ya wodi iandikwe ukutani, mahali ambapo yeyote aliye ndani ya nyumba ataiona saa 8 usiku.