Ankara ya kurasa tatu yaweza kukukosesha cheti rahisi

MFANYABIASHARA mdogo anayevusha bidhaa zilizotengenezwa Afrika Mashariki hutumia Cheti Rahisi cha Uasili pale mpakani, mradi thamani ya shehena isizidi dola 2,000 na bidhaa ziwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Ankara ndefu ikijumlishwa vibaya, shehena iliyo chini ya kiwango hicho huonekana imekivuka.

Chukua mfano wa ankara ya sabuni, mishumaa na madaftari kutoka Nairobi kwenda Arusha kupitia Namanga. Bidhaa za ukurasa wa kwanza ni dola 640, za pili 520, za tatu 280. Jumla halisi ni 1,440.

Lakini ukurasa wa kwanza unaishia na mstari wa C/F, yaani kiasi kinachopelekwa mbele, 640. Ukurasa wa pili unaanza na B/F, kiasi kilicholetwa, 640 ile ile, na kuishia na 1,160. Ukurasa wa tatu unaanza na 1,160 na kufunga kwa 1,440.

Ankara hiyo ikihamishiwa kwenye jedwali la kompyuta, kila mstari huingia kama bidhaa. Safu nzima ikijumlishwa inatoa 6,480, kosa ambalo mtu hulishtukia. La hatari ni pale anapofuta mistari ya C/F na ya jumla kuu, akasahau ya B/F. Hapo anapata 3,240, kiasi kinachoweza kuaminika, na cheti rahisi kinamponyoka.

Njia salama ni kutofuta kitu. Ongeza safu ya aina, uandike "bidhaa" au "jumla" kwa kila mstari. Bidhaa huwa na idadi na bei ya kimoja, na ukizizidisha unapata kiasi kilichoandikwa. Mstari usio na idadi usiuondoe kwa haraka, kwani huenda ni nauli au punguzo la bei, navyo huhesabiwa. Kisha jumlisha bidhaa tu. Kama aina iko safu A na kiasi safu E:

```
=SUMIF(A2:A60,"bidhaa",E2:E60)
```

Nauli na punguzo nazo ziandikwe "bidhaa", punguzo likiwa na alama ya kutoa.

Usitumie amri ya kuondoa mistari inayofanana. Katoni kumi za sabuni zikiandikwa mara mbili kwa bei moja, huenda ni mizigo miwili ya kweli.

Mwisho, kagua kila ukurasa: C/F ukitoa B/F iwe sawa na bidhaa za ukurasa huo. Kwa ukurasa wa pili, 1,160 kutoa 640 ni 520. Isipolingana, kuna mstari uliorukwa au uliosomwa vibaya, na kosa liko kwenye ukurasa huo huo. Jumla yako nayo ilingane na jumla kuu ya muuzaji kabla ya kodi, ndipo fomu ijazwe.