Tezi Imetolewa, Thairoglobulini Bado Inapimwa

Mtu aliyetolewa tezi yote ya thairoidi kwa sababu ya saratani hurudi nyumbani na dawa ya kumeza maisha yake yote, levothairoksini, pamoja na tarehe ya kurudi kupima damu. Kwenye karatasi ya maabara kuna mstari ulioandikwa Tg, na wagonjwa wengi huutazama huo kabla ya kitu kingine chochote. Wana haki ya kuutazama. Shida ni kwamba tarakimu hiyo ikisomwa peke yake inaweza kumtisha mtu aliyepona, na inaweza pia kumtuliza mtu ambaye ugonjwa wake unarudi.

Tg ni thairoglobulini, protini ambayo tezi ya shingo huitumia kutengeneza na kuhifadhi homoni zake. Hakuna kiungo kingine mwilini kinachoitoa. Saratani za aina ya papilari na folikula, ambazo ndizo nyingi kati ya saratani za tezi hii, hutokana na seli zilezile na kwa kawaida hubaki na tabia mbili za asili yao: huendelea kutoa thairoglobulini, na huendelea kunyonya madini joto, yaani iodini. Tabia ya kwanza ndiyo inayotuwezesha kuzifuatilia kwa damu. Ya pili ndiyo inayotuwezesha kuzitibu kwa iodini yenye mionzi.

Tumchukue mwalimu wa miaka 41, mfano niliouunda ili hesabu zieleweke. Uvimbe wake ulikuwa wa sentimita 3.5, aina ya papilari, na mitoki 6 ya shingoni ilikutwa na saratani. Tezi yote ilitolewa. Damu haikupimwa Tg wiki ileile, kwa sababu protini iliyokwisha kumwagika inahitaji muda kuisha na kidonda chenyewe huipandisha. Alipimwa wiki ya 8. Tg ilikuwa nanogramu 4.1 kwa mililita, huku TSH, homoni ya ubongoni inayoiamrisha tezi kufanya kazi, ikiwa chini kwa nguvu ya dawa. Mtu asiye na tezi hatarajiwi kuwa na kiasi hicho. Kulikuwa na mabaki, yawe ya tezi ya kawaida au ya saratani.

Kwa mgonjwa kama huyu, mwenye mitoki mingi na Tg iliyobaki juu, iodini ya mionzi ina kazi ya kufanya. Si kila mtu huihitaji. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2022, uliowahusu wagonjwa 776 wenye uvimbe mdogo usiozidi sentimita 2 na usiofika kwenye mitoki, ulionyesha kwamba baada ya miaka 3 waliopewa iodini na waliofuatiliwa tu walikuwa sawa: takriban 95 kati ya kila 100 katika makundi yote mawili hawakuwa na tatizo. Kwa hiyo mgonjwa wa hatari ndogo anayeambiwa haihitaji hajanyimwa matibabu.

Mwalimu wetu alipewa milikyuri 100. Kabla ya hapo aliacha levothairoksini kwa wiki 4 ili TSH ipande juu ya 30, maana seli hunyonya iodini vizuri pale zinaposukumwa na homoni hiyo. Wiki hizo si rahisi: mwili hupoa, choo hukauka, akili huwa nzito. Ipo sindano inayopandisha TSH bila kuacha dawa, lakini bei yake ni kubwa. Kwa wiki 2 alikula pia chakula chenye madini joto kidogo, bila dagaa, samaki wa baharini, mayai wala maziwa, na akapikia chumvi isiyotiwa madini joto. Seli zilizoshiba iodini ya kawaida hazitanyonya ile ya mionzi. Ndiyo sababu aliyepigwa picha ya CT kwa dawa ya kung'arisha yenye iodini husubirishwa wiki kadhaa. Mwanamke hupimwa mimba kwanza, anayenyonyesha huacha mapema, na mimba huahirishwa kwa angalau miezi 6 baadaye.

Nguvu ya iodini hiyo hupungua nusu kila siku 8, na sehemu kubwa hutoka kwa mkojo siku za mwanzo. Alilala peke yake na kukaa mbali na watoto kwa muda aliopangiwa. Picha ya mwili mzima ilionyesha madoa mawili shingoni tu, mapafu yakiwa safi. Baada ya miezi 6 Tg ilishuka chini ya 0.2, na ultrasaundi ya shingo haikuonyesha kitu.

Mwaka uliofuata karatasi ikaja na Tg 1.4. Familia nzima ikaingiwa na hofu. Mstari wa juu yake, ambao hakuna aliyeusoma, ulikuwa TSH: 18. Alipoulizwa anavyomeza dawa, ikajulikana kwamba kila asubuhi aliimeza pamoja na vidonge vya kalsiamu na chai ya maziwa. Kalsiamu huizuia levothairoksini isiingie mwilini. TSH ikapanda, na seli chache za tezi zilizobaki zikaamshwa zikatoa thairoglobulini. Alianza kumeza dawa kwa maji matupu, saa moja kabla ya kula, na kalsiamu saa 4 baadaye. Baada ya wiki 8 TSH ilikuwa 0.9 na Tg imerudi chini ya 0.2. Kama angekimbilia maabara nyingine badala ya ileile, angechanganyikiwa zaidi, kwani mashine za aina tofauti huweza kutoa majibu tofauti kwa damu moja.

Kosa la upande wa pili ndilo linaloniogopesha zaidi. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne ana kingamwili zinazoishika thairoglobulini. Katika vipimo vinavyotumika kwa wingi, kingamwili hizo huifunika protini na mashine husoma Tg ndogo, pengine sifuri, hata saratani ikiwepo. Kwa hiyo kipimo cha kingamwili, TgAb, lazima kifanyike kwenye damu hiyohiyo kila mara. Zikiwepo, ndizo zinazofuatiliwa: zikishuka mwaka hadi mwaka ni ishara njema, zikipanda ni sababu ya kupiga ultrasaundi ya shingo hata kama Tg haionekani. Na aliyetolewa nusu tu ya tezi asijilinganishe na mwenzake, maana nusu iliyobaki itaendelea kutoa Tg yake halali.

Kupanda kwa kweli hutambulika kwa mfululizo: TSH ileile, maabara ileile, kingamwili hazipo, lakini 0.3 inakuwa 0.8, kisha 1.9. Inayojizidisha mara mbili ndani ya mwaka hutafutwa kwa haraka, kwanza kwa ultrasaundi, kwa kuwa saratani hii hupenda kurudi kwenye mitoki ya shingo, na mtoki unaoonekana mara nyingi hutolewa kwa upasuaji. Wakati mwingine Tg inapanda na picha ya iodini haionyeshi kitu. Hapo huenda seli zimepoteza uwezo wa kunyonya, na kurudia dozi hakusaidii isipokuwa kuongeza madhara, hasa kwenye tezi za mate ambazo huweza kukauka. Daktari atatafuta kwa PET, inayofuata sukari badala ya iodini, au atasubiri na kupima tena ikiwa Tg inapanda polepole na hakuna uvimbe unaoonekana.