Chupa ya Asali Inapojiuza Yenyewe

Kando ya barabara za Tabora utakuta asali ndani ya chupa za maji zilizokwisha kutumika. Asali yenyewe huwa nzuri, ya msitu wa miombo, lakini mnunuzi ataiinua juani na kuuliza: haina sukari hii? Muuzaji yupo, atamjibu. Ikishapangwa kwenye rafu ya duka Dar es Salaam, hakuna tena wa kujibu. Kazi hiyo inabaki kwa kifungashio na lebo.

Kifungashio kwanza kinalinda. Asali hunyonya unyevu wa hewani, na maji yake yakizidi asilimia 20 huelekea kuchacha. Utaona povu juu, mfuniko unavimba, na ukiufungua unakutana na harufu kali. Kwa hiyo mimi ningeanza kutumia fedha kwenye mfuniko unaoziba barabara, picha ya nyuki baadaye. Chupa ya kioo huonyesha rangi vizuri, ila njiani huvunjika. Inataka katoni yenye vigawanyo.

Kosa linalowala wengi kimyakimya liko kwenye ujazo. Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4. Tuseme umenunua chupa za mililita 500, umezijaza, ukaandika “gramu 500” na kupanga bei ya gramu 500. Ndani mna karibu gramu 700! Katika katoni ya chupa 12 umetoa takriban kilo 2.4 bure. Gramu 500 za asali zinatosha kwenye mililita 360 hivi, basi tafuta chupa ya kiasi hicho, au andika uzito halisi na upange bei yake.

Lebo nayo ina maswali ya kujibu: ni asali ya nini, imetoka wapi, nani kaifungasha, lini, na mwisho wa matumizi ni lini. Lakini sentensi ninayoiona ina faida kubwa ni fupi: “Asali hii ikiganda haijaharibika; weka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu.” Kuganda ni tabia ya asali nyingi halisi, na wateja wengi hudhani ni sukari. Asiyeelezwa hairudii chupa ya pili. Ongeza pia onyo la kutowapa watoto walio chini ya mwaka mmoja, kwani asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyowaletea sumu hatari tumboni.

Pembeni, andika namba ya bechi. Chupa moja ikirudishwa ikiwa imechacha, namba hiyo inakuonyesha imetoka pipa lipi. Unapiga simu dukani, wanaondoa chupa za bechi hiyo peke yake, na zilizobaki zinaendelea kuuzwa.